Muhtasari Uliomeza Tathmini: Kuyaandika Upya Mapitio ya Kitabu

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, anayefundisha sekondari upande wa Temeke, aliniletea rasimu ya mapitio ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ili niisome kabla hajaipeleka kwenye jarida dogo la walimu ambalo huwa ninasaidia kulihariri. Tulikutana Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa sababu alitaka kukirudisha kitabu siku hiyo hiyo. Nafasi aliyopewa jaridani ilikuwa ya maneno 700, na rasimu yake ilikuwa na maneno 1,040.

“Shikamoo mzee,” alisema akinisogezea karatasi. “Naomba unisaidie kupunguza. Nimejaribu usiku kucha, lakini kila ninachokigusa naona ni cha maana.”

Niliisoma rasimu mara moja bila kushika kalamu, kisha nikamwambia kwamba sidhani kama tatizo lake ni urefu. Mapitio yake yangekuwa na kasoro ile ile hata kama angepewa maneno elfu mbili, kwa kuwa kilichokuwamo ndani yake kilikuwa hadithi iliyosimuliwa upya, ikafuatiwa na sifa chache ambazo zingeweza kubandikwa juu ya riwaya yoyote. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoigeuza rasimu ile, kwa kuwa kasoro hiyo ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine zote katika mapitio ya vitabu yanayoandikwa na watu wetu, wakiwamo wasomi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuona kwa macho kile ambacho sikio lilikuwa limeshakihisi. Nilimpa penseli tatu za rangi na kumwomba aipitie rasimu sentensi kwa sentensi: bluu kwa kila sentensi inayoeleza kilichotokea kitabuni, nyekundu kwa kila sentensi inayotoa hukumu juu ya kitabu, na kijani kwa kila sentensi inayotoa ushahidi wa hukumu hiyo. Habari za mwandishi, mchapishaji na mengineyo aliziacha bila rangi. Alipomaliza, kurasa zilikuwa kama bahari. Tulihesabu maneno 790 ya bluu, maneno 160 mekundu, na maneno 90 yasiyo na rangi. Penseli ya kijani haikuwa imetumika hata mara moja.

Tarakimu hizo zinaeleza ugonjwa kuliko maelezo yoyote ambayo ningeweza kumpa. Mtu akiona bluu imezidi, atadhani dawa ni kukata bluu. Lakini ukosefu wa kijani ndio uliokuwa ukinisumbua zaidi, kwa kuwa hukumu isiyo na ushahidi haiwezi kuuambia muhtasari ubakize nini. Ukiandika kwamba kitabu “kinasisimua na kina mafunzo mengi”, tukio lipi la kitabu lina haki ya kubaki na lipi liondoke? Yote yana haki sawa, kwa hiyo yote yanabaki. Ndiyo maana mwalimu huyu alikesha bila kufanikiwa kukata. Alikuwa akitafuta cha kupunguza katika muhtasari ambao haukuwa na kazi yoyote ya kufanya, na kitu kisicho na kazi hakina kipimo cha ukubwa wake.

Hapa inafaa kusema neno juu ya chanzo cha tabia hii, kwa sababu haikuanzia kwake. Sisi tuliosomea fasihi katika shule za nchi hii tumelelewa na mpangilio wa fani na maudhui. Unataja dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, unahamia muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, na mwishoni kabisa, muda wa mtihani ukiwa unayoyoma, unaandika sentensi mbili za “kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi”. Mpangilio huo una faida yake, kwani unamhakikishia msahihishaji kwamba mwanafunzi amekisoma kitabu. Lakini msomaji wa jarida si msahihishaji. Hahitaji uthibitisho kwamba umesoma. Anataka kujua kitabu kina thamani gani, kwa nani, na kwa sababu zipi. Kile ambacho shuleni tulikiweka mkiani ndicho kinachopaswa kuwa uti wa mgongo wa mapitio, na desturi ya miaka mingi haigeuki kwa siku moja.

Ipo pia sababu nyingine ambayo watu huona haya kuisema, nayo ni woga. Kumhukumu Shaaban Robert si jambo dogo kwa mwalimu wa Kiswahili. Kusimulia hadithi hakumgombanishi mtu na yeyote, na muhtasari mrefu ni mahali pazuri pa kujificha. Nilimwambia hivyo, akacheka, lakini hakukana.

Tuliziacha karatasi kando. Nikamwomba afikirie kwamba mwalimu mwenzake, ambaye hajakisoma kitabu hiki, amemkuta kituoni akisubiri daladala na kumuuliza kama kinafaa kusomwa, naye ana dakika moja tu kabla gari halijafika. Angejibu nini? Alifikiri kidogo, kisha akasema maneno ambayo hayakuwamo popote katika rasimu yake: “Kwa kweli, nilipofika safari ya tatu nilichoka. Lakini sikuweza kukiacha.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa tathmini yake. Ilikuwa na pande mbili zinazovutana, ilikuwa ya kweli, na ilihusu kitabu hiki na si kingine. Rasimu nzima ya maneno 1,040 ilikuwa imeikwepa. Kuanzia hapo swali letu halikuwa tena tukate nini, bali kwa nini alichoka, na kwa nini licha ya kuchoka hakukifunga kitabu.

Kwa asiyekisoma, inatosha kujua kwamba Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyo angani, ambako mtu aitwaye Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande sita, yaani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ambao walirudi na mambo ya manufaa na badala ya kushukuriwa wakatiwa kifungoni. Mashitaka ya Karama ndiyo gamba la nje la riwaya, na safari sita ndizo kiini kilichomo ndani.

Sasa uchovu wa mwalimu unaeleweka. Safari zote zina umbo moja: mjumbe anaondoka, anapata taabu, anajifunza, anarudi, anaadhibiwa. Msomaji akishaziona mbili au tatu, anaijua hatima ya mjumbe anayefuata kabla hajaondoka nyumbani kwake. Kama mapitio yangeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi: muundo unajirudia, taharuki inapungua, mwandishi hakufaulu. Sentensi ya namna hiyo ningeweza kuitabiri bila kukiona kitabu, na mara nyingi huandikwa kwa kujiamini kuliko inavyostahili.

Lakini kabla ya kumtia mwandishi hatiani, haki inataka mhakiki aulize kwanza: ni sababu gani bora kabisa ambayo mwandishi angeweza kuwa nayo ya kufanya hivi? Nasisitiza “bora kabisa”, kwa sababu ni rahisi kumtungia mwandishi sababu dhaifu ili tuipige teke. Nilimuuliza mwalimu, “Anayesimulia safari hizi ni nani, na anamsimulia nani?” Alinyamaza, akafungua kitabu, kisha akaanza kujibu polepole huku akifikiri. Anayesimulia ni mshitakiwa, na anasimulia barazani, mbele ya mfalme mwenye mamlaka juu ya maisha yake. Kwa hiyo kila safari inatumika kama shahidi. Shahidi mmoja akisema kwamba nchi ilimlipa wema kwa ubaya, mtu anaweza kujibu kwamba ilikuwa bahati mbaya au kosa la siku moja. Mashahidi sita wakisema neno lile lile, bahati mbaya inakuwa desturi ya utawala. Marudio yaliyomchosha msomaji ndiyo yanayoipa hoja ya Karama nguvu yake mahakamani, na kama wajumbe wangepatwa na hatima tofauti tofauti, utetezi wake ungebomoka.

Hapo ndipo tulipopata jambo lenye thamani ya kuandikwa. Marudio yale ni nguvu yakipimwa kama utetezi, na ni udhaifu yakipimwa kama masimulizi ya safari. Vipimo viwili vinatoa majibu mawili, na mhakiki mwadilifu humwonyesha msomaji vyote viwili kisha anasema yeye mwenyewe anasimama wapi. Mwalimu alisimama hapa: kwa kuwa riwaya yenyewe imejengwa kama kesi, kipimo cha kesi ndicho kinachostahili kutangulia, lakini msomaji aonywe kwamba asitarajie raha ya kubahatisha kitakachotokea, kwa maana haimo.

Baada ya kuipata hukumu hiyo, muhtasari ulianza kujikata wenyewe. Hiki hapa ni kipande cha bluu ya mwanzo, nilichokinakili kwa idhini yake:

“Mjumbe wa kwanza aliondoka Kusadikika akiwa na matumaini makubwa, akasafiri kwa shida nyingi mpaka akafika nchi ya mbali. Huko aliona mambo mengi mazuri ambayo hayakuwapo kwao. Aliporudi aliyaeleza mbele ya wakubwa, lakini hakusikilizwa na badala yake akafungwa. Baada ya hapo akatumwa mjumbe wa pili. Yeye naye aliondoka akiwa na matumaini, akapatwa na taabu njiani…”

Ilikwenda hivyo mpaka mjumbe wa sita, katika aya sita. Nilimwonyesha jambo ambalo hakuwa ameliona: mimi nami, nikiisoma rasimu yake, nilichoka kwenye safari ya tatu. Alikuwa ameyachukua marudio ya riwaya na kuyaacha nyuma mahakama inayoyapa maana, kwa hiyo msomaji wa mapitio alikuwa akipata hasara ya kitabu bila faida yake.

Tuliipima kila sentensi ya bluu kwa swali moja: ni hukumu gani huko mbele itakayoihitaji? Sentensi ambayo hakuna hukumu inayoihitaji ilitoka, hata kama ilieleza tukio zuri. Mambo waliyoyaona wajumbe huko ugenini yalitoka yote, kwa sababu tathmini yetu ilihusu umbo la safari. Laiti mwalimu angekuwa anaihukumu picha ya nchi njema ambayo mwandishi aliitamani, mambo hayo hayo ndiyo yangebaki, na pengine mahakama ingepewa sentensi moja tu. Hakuna muhtasari mmoja sahihi wa kitabu unaofaa kwa kila mapitio. Majina ya wajumbe yalitoka pia, kwa kuwa msomaji angelazimika kuyakumbuka bila kuyatumia. Mwisho wa kesi haukutajwa kabisa, na mimi nami siutaji hapa, kwa kuwa hukumu yetu ilisimama bila kuuhitaji. Kilichobaki ni hiki:

“Katika nchi ya angani iitwayo Kusadikika, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu sheria. Badala ya kujitetea kwa maneno yake mwenyewe tu, Karama anamsimulia mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi yao, ambao wote walirudi na kulipwa kifungo. Kila safari anayoisimulia ni ushahidi mpya katika kesi yake.”

Maneno hayo hayafiki mia moja, nayo yametoka katika maneno 790. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inasimama mlangoni: bado inaeleza kilichomo kitabuni, lakini imeshamwelekeza msomaji mahali ambapo tathmini itaanzia.

Kukata nako kuna hatari yake. Nimewahi kuona mapitio ambayo muhtasari wake ulipunguzwa mpaka mtu asiyekisoma kitabu hakuweza kujua Karama ni nani na anashitakiwa na nani, halafu aya inayofuata ikaanza kujadili “mbinu ya mahakama” kana kwamba msomaji alikuwapo. Kwa hiyo tulimwita kijana mmoja aliyekuwa akijisomea meza ya jirani, ambaye alikiri kwamba hajawahi kukisoma kitabu hiki. Tulimpa aya ile fupi peke yake, tukamwomba atuambie nani anasimulia, kwa nini anasimulia, na safari zina uhusiano gani na kesi. Alijibu mawili vizuri, la tatu akababaika. Katika toleo la kwanza tulikuwa tumeandika tu kwamba Karama “anasimulia safari sita”, na kijana alidhani anamburudisha mfalme ili amsamehe. Sentensi ya mlangoni niliyoisifu hapo juu ilizaliwa na kubabaika huko.

Upande wa haki ulihitaji kazi zaidi, na kosa kubwa kuliko yote tulilikuta mahali ambapo hatukulitazamia: katika maneno 90 yasiyo na rangi. Juu ya rasimu, kwenye habari za kitabu, mwalimu alikuwa ameandika mwaka wa uchapishaji kama alivyoukuta kwenye nakala aliyoiazima, ambayo ilikuwa chapa ya miaka ya karibuni. Lingekuwa kosa dogo la karani kama lingebaki hapo juu. Lakini chini, katika maneno mekundu, alikuwa ameandika kwamba mwandishi “anaikosoa kwa ujasiri serikali iliyoingia baada ya uhuru kwa kuwasahau wananchi”. Kusadikika ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na uhuru ulikuja miaka kumi baadaye, tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert mwenyewe alifariki mwaka 1962. Sifa aliyompa mwandishi ilikuwa ya kitabu ambacho hakikuandikwa.

Ni kawaida kudhani kwamba uonevu katika mapitio ni kukilaumu kitabu kupita kiasi, lakini kukisifu kwa jambo ambalo hakikulifanya nako ni kukikosea haki. Kadhia hii ilimlazimisha mwalimu kufikiri upya. Aliyeandika mwaka 1951 juu ya nchi ambamo kufundisha sheria ni jinai alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, na kuiweka nchi hiyo angani, penye mfalme na mawaziri wenye majina ya tabia, ni njia mojawapo ya kusema pasipo kutaja. Wasomaji wengi wameielewa riwaya hii kama fumbo juu ya utawala wa kigeni. Msomaji wa leo anaweza pia kuisoma kama onyo kwa utawala wowote, na ana haki hiyo, mradi mhakiki aseme wazi kwamba huo ni usomaji wa leo. Tulitenganisha mambo hayo kwa sentensi mbili, ya kwanza juu ya wakati wa kitabu na ya pili juu ya wakati wa msomaji.

Jambo la pili la haki lilihusu wahusika. Rasimu ilisema kwamba “wahusika ni bapa na hawakui, jambo linaloonyesha udhaifu wa mwandishi”. Ni kweli kwamba Majivuno ni majivuno tangu mwanzo, kwa kuwa jina lake limeshasema kila kitu. Lakini hapa kipimo kimeazimwa kutoka riwaya ya aina nyingine, ile inayofuatilia nafsi ya mtu mmoja ikibadilika. Istiara ya namna hii, kama ngano za kwetu ambamo sungura ni mjanja na fisi ni mlafi, haikusudii kutuonyesha mtu. Inakusudia kutuonyesha tabia ikitenda kazi katika jamii. Kumlaumu Majivuno kwa kutokuwa na nafsi yenye kina ni sawa na kulilaumu jahazi kwa kutokuwa na magurudumu.

Hata hivyo sikumshauri aifute hoja hiyo moja kwa moja, kwa sababu hoja ya aina ya kitabu ikitumiwa ovyo inageuka kuwa kinga ya kila udhaifu. Swali la haki ni kama, ndani ya desturi yake yenyewe, mbinu hiyo inafanya kazi yake. Je, Majivuno anaipa hoja ya Karama upinzani wa kutosha kuifanya kesi iwe kesi? Mwalimu alirudi kitabuni, akasoma kurasa kadhaa nikimsubiri, kisha akaandika kwamba kwake yeye Karama anachukua nafasi kubwa mno ya kusema kuliko mshitaki wake, na kwamba hoja yake ingeng’aa zaidi kama ingegongana na hoja nzito ya upande wa pili. Hiyo ni lawama ambayo mtu anaweza kukubaliana nayo au kuipinga kwa kufungua kitabu, na hapo ndipo lawama inapokuwa ya haki.

Lugha ya hukumu tuliipitia kwa haraka zaidi. “Lugha tamu” ilitoka. Badala yake aliandika kwamba mwandishi hupenda sentensi ndefu zenye vipande vinavyopimana uzito, na fikra zilizofupishwa kama methali, jambo linalofaa sana kinywani mwa mtu anayehutubia baraza, ila linamtaka msomaji asome polepole. “Mwandishi ameshindwa kabisa” ikawa “taharuki inapungua kuanzia safari ya tatu”, kwa sababu ya kwanza inamhukumu mtu na ya pili inaeleza mahali kitabuni. Nilimwomba pia achague kati ya “mimi” na “msomaji”. Alikuwa ameandika “msomaji anachoka”, lakini aliyechoka alikuwa yeye, na huenda mwingine asichoke. Mhakiki anayejificha nyuma ya “msomaji” hujipa mamlaka ya kuwasemea watu ambao hajawauliza. Kwa upande mwingine, kuijaza “mimi” kila mahali hugeuza mapitio kuwa habari za mhakiki. Tulikubaliana kwamba hisia ziitwe zake, na mambo yanayoweza kuonekana kitabuni na kila mtu yaitwe ya kitabu.

Aya ya katikati, ile inayobeba mapitio yote, ilifikia umbo hili baada ya kuandikwa mara nne:

“Safari sita zenye umbo moja zilinichosha nilipofika ya tatu, kwa kuwa nilikwishajua mjumbe atakavyopokewa akirudi. Hata hivyo, marudio hayo hayakutokana na uvivu wa mwandishi. Karama anasema mbele ya baraza linalomhukumu, na anachotaka kuthibitisha ni kwamba kuwaadhibu wenye nia njema ni mazoea ya nchi yake, si ajali. Mjumbe mmoja asingetosha kulithibitisha hilo. Kwa hiyo anayekifungua kitabu hiki akitafuta masimulizi ya safari atapungukiwa, lakini anayekisoma kama utetezi wa mtu anayepigania uhai wake ataona uzito unavyoongezeka kila shahidi anapoongezwa. Ninaamini njia ya pili ndiyo ambayo kitabu chenyewe kinatuelekeza, ingawa ningependa mshitaki naye angepewa hoja nzito zaidi za kujibiwa.”

Tuliipitisha tena chini ya penseli tatu, na safari hii nyekundu na kijani zilifuatana karibu kila mstari. Jumla ya mapitio ilifika maneno 660. Alikuwa na maneno 40 ya akiba, na kama ilivyo kawaida yetu sote, alitaka kuyatumia kurudisha kitu alichokipenda. Alichokipenda ni safari ya mbinguni, ambayo katika rasimu ya kwanza ilikuwa na aya nzima.

Nilimwachia aamue, kwa sharti la swali lile lile: hukumu gani inaihitaji? Alifikiri, akasema kwamba pande mbili kati ya sita, mbingu na ardhi, si pande ambazo mtu anaweza kuzifikia kwa miguu wala kwa chombo, na kwamba kuzitaja kunamwonyesha msomaji tangu mapema kuwa ramani ya kitabu hiki ni ya fikra. Jambo hilo lilizidi kuitia nguvu hoja yake kwamba tusikisome kama masimulizi ya safari. Sikuwa nimeliona. Safari yenyewe haikurudi, lakini sentensi moja juu ya pande hizo mbili ilirudi, ikawekwa mara baada ya ile inayosema kwamba anayetafuta safari atapungukiwa. Ilikuwa na maneno 26.

Mwaka 1951 tuliuandika juu ya kichwa, na mbele yake mwaka wa nakala aliyoisoma, ili msomaji aone yote mawili. Kisha mwalimu akainuka kwenda kukirudisha kitabu kaunta. Alipofika nusu ya njia aligeuka, akarudi mezani, na kuomba akae nacho wiki moja zaidi, kwa kuwa alitaka kuhakiki kama kweli Majivuno anasema machache kiasi kile alichoandika.